Kutafsiri makala ya Kiajemi bila kuua marejeo yake: maandishi yanatafsiriwa, majina ya vitabu yanageuzwa herufi tu

Hii ni kwa nyie mnaotafsiri makala za kitaaluma kutoka Kifarsi kwenda Kiswahili, hasa mliosoma Qom au Tehran mkarudi, lugha mnaijua vizuri tu ila ukifika chini ya ukurasa kwenye tanbihi ndo kazi inaharibika. Mtu anatafsiri kila kitu, mpaka jina la kitabu, msomaji anakuta "Historia ya Bayhaki, Mashhad 1350" halafu hana pa kukitafutia, maana hamna kitabu kinaitwa hivyo kwenye katalogi yoyote duniani.

Kanuni ninayofuata ni moja. Maandishi ya makala ni ya kusomwa, kwa hiyo yanakuwa Kiswahili. Jina la kitabu kwenye marejeo ni la kutafutia, kwa hiyo linabaki Kifarsi, ila linaandikwa kwa herufi zetu kiasi kwamba anayejua Kifarsi anaweza kulirudisha kwenye herufi zake bila kubahatisha. Mengine yote hapa chini yanatoka humo.

Tufanye mfano mmoja. Makala inazungumzia kuuawa kwa waziri Hasanak zama za Sultani Masud wa Ghazna. Tanbihi nimezitunga mwenyewe kwa zoezi na namba za kurasa ni za mfano tu, ila vitabu ni vya kweli:

```
۱. بیهقی، تاریخ بیهقی، به کوشش علی‌اکبر فیاض، مشهد، ۱۳۵۰ش، ص ۲۲۱.
۲. همان، ص ۲۲۶.
۳. بارتولد، ترکستان‌نامه، ترجمهٔ کریم کشاورز، تهران، ۱۳۵۲ش، ج ۱، ص ۶۱۰.
۴. نک. ابن اثیر، الکامل فی التاریخ، بیروت، بی‌تا، ج ۹، ص ۴۱۲.
```

Hatua ya 1: chagua jedwali moja la herufi, usilibadilishe katikati

Mimi natumia linalofuata mtindo wa jarida la IJMES: irabu ndefu ā, ī, ū, fupi a, i, u, na و ikiwa konsonanti ni v. Ensaiklopidia ya Iranica wana wao, wanaandika e na o na š, na maktaba ya Kongresi ya Marekani wana wao pia, neno نامه wao ni nāmah wakati mimi naandika nāma. Yote sawa, kosa ni kuchanganya. Nukuu za watu wengine zikija na mtindo tofauti zibadilishe zifuate wako.

Sasa hapa Waswahili tuna mtego wetu. Kifarsi kina herufi nne zinazotamkwa "z" zote: ز ذ ض ظ. Kwenye jedwali hili ni z, ẕ, ż, ẓ. Sisi masikio yetu yamezoea dhahabu na dhamana, kwa hiyo mtu akiona فیاض mkono unaenda wenyewe kwenye "Fayadhi". Hapana, ni Fayyāż. Ile nukta sio urembo, ndo inayomwambia msomaji aandike ض na sio ز. Kadhalika tārīkh usiigeuze tarehe, hata kama unaona ni ndugu yake.

Tatizo kubwa zaidi ni irabu fupi, maana Kifarsi hakiziandiki. گل inaweza kuwa gul (ua) au gil (tope). Na ile -i ya kuunganisha maneno mawili, yaani iżāfa, nayo mara nyingi haionekani: umeandikiwa تاریخ بیهقی lakini unatakiwa uandike Tārīkh-i Bayhaqī. Ukiwa na shaka fungua kamusi ya Dihkhudā kwa neno lenyewe, au tafuta kitabu kwenye katalogi ya maktaba kubwa ya nje uone wao wameweka irabu gani, halafu uzigeuze kwa jedwali lako.

Hatua ya 2: ndani ya maandishi

Sentensi ya makala inasema:

```
بیهقی در تاریخ خود داستان بر دار کردن حسنک را به تفصیل آورده است.
```

Hapa تاریخ ni jina la kitabu kwa kifupi, sio "historia" ya jumla. Kwa hiyo: "Bayhaqī katika *Tārīkh* yake ameieleza kwa kirefu habari ya kutundikwa kwa Hasanak." Mara ya kwanza kitabu kinapotajwa naweka jina kamili kwa italiki na tafsiri kwenye mabano ya mraba, *Tārīkh-i Bayhaqī* [Historia ya Bayhaqī], baada ya hapo jina fupi tu, tafsiri sirudii.

Vichwa vya sura ni kitu kingine. Ile sura maarufu yenyewe inaitwa ذکر بر دار کردن امیر حسنک وزیر, na makala itaitaja. Hiyo naitafsiri, naiweka kwenye alama za kunukuu: "Kutajwa kwa kutundikwa Amiri Hasanak Waziri", kwa sababu hamna anayeenda maktaba kutafuta sura, anatafuta kitabu halafu anafungua ukurasa.

Na majina ya watu? Mwandishi yeyote aliyeko kwenye orodha ya marejeo anabeba vistari vyake kila mahali, ili Bayhaqī wa juu na Bayhaqī wa chini wawe mtu mmoja. Masultani na mawaziri wanaosimuliwa tu naandika kawaida: Masud, Hasanak. Kuna wahariri watabisha hapo, sawa, ila ukurasa wenye nukta kila neno unachosha kuusoma.

Hatua ya 3: pasua tanbihi vipande

Kila rejeo lina vitu vya aina mbili, majina na maneno ya kazi. Majina (mwandishi, kitabu, mchapishaji) unayaandika kwa herufi zetu. Maneno ya kazi unayatafsiri: به کوشش na تصحیح vyote nafanya "mh." (mhariri), ingawa تصحیح hasa ni mtu aliyelinganisha nakala za mkono, kwa hiyo kama makala inabishana juu ya nakala andika "amehakiki". ترجمه ni "tafs.", ج ni "juz.", ص ni "uk.", چاپ دوم ni "chapa ya 2", نک. ni "taz.", بی‌تا ni "bila mwaka". Miji iandike inavyojulikana: Tehran, Mashhad, Beirut. Usiandike "bih kūshish-i" kwenye tanbihi ya Kiswahili jamani, unamtesa msomaji bure.

Kuhusu همان, yaani "hapohapo", ushauri wangu ni uiondoe kabisa. Ukishaongeza hata tanbihi moja yako ya mtafsiri katikati, ile همان inaelekea kwenye tanbihi yako badala ya ya mwandishi, na hakuna atakayegundua mpaka kitabu kimetoka. Weka jina fupi la mwandishi na kitabu. همو ni tofauti, hiyo ni "mwandishi yuleyule" kwa kitabu kingine, nayo ifungue hivyohivyo.

Hatua ya 4: mgeni aliyevaa Kifarsi, na Mwarabu

Tanbihi ya 3 ndo inayowaangusha wengi. بارتولد ukifuata herufi utapata "Bārtūld", mtu asiyekuwepo. Huyu ni Barthold, mwanahistoria Mrusi, kwa hiyo jina lake linarudi kwenye umbo linalojulikana. Lakini jina la kitabu liache *Turkistān-nāma*! Najua unatamani kuweka jina la asili la Kirusi au la tafsiri ya Kiingereza ili uonekane umechimba, ila ukurasa wa 610 ni wa tafsiri ya Kishāvarz. Ukibadilisha jina ukaacha namba ya ukurasa, umetengeneza rejeo la uongo. Ukitaka kumsaidia msomaji, ongeza maelezo yako kwenye mabano ya mraba kwamba ni tafsiri kutoka Kirusi.

Ya 4 ni kitabu cha Kiarabu, kwa hiyo kinafuata jedwali la Kiarabu: ض inakuwa ḍ, ث inakuwa th, و inakuwa w. Ndo maana ni Ibn al-Athīr na sio "Ibn As̱īr". Kinachoamua ni lugha iliyomo ndani ya kitabu, sio sura ya jina. Kitabu cha ʿAṭṭār kina jina la Kiarabu kabisa lakini ndani ni Kifarsi, kwa hiyo naandika *Taẕkirat al-awliyāʾ*, na ẕ yake ya Kiajemi.

Hatua ya 5: miaka

Herufi moja baada ya mwaka inabeba mzigo wote. ش ni mwaka wa jua, ق ni wa mwezi, م ni Miladia. 1350ش ni 1971, lakini 1350ق ni 1931 au 1932, umepoteza miaka arobaini kwa herufi moja. Mwaka wa jua unaanza Noruzi, Machi 20 au 21, kwa hiyo jumlisha 621, na kama unajua kitabu kilitoka kati ya Januari na Noruzi jumlisha 622. Andika yote mawili: 1350/1971. Ukikutana na mwaka kama 2536 usishtuke wala usidhani ni kosa la chapa, ni kalenda ya kifalme iliyotumika Iran 1976 mpaka 1978. Toa 1180 unapata 1356, yaani 1977.

Matokeo ya mfano wetu:

```
1. Bayhaqī, Tārīkh-i Bayhaqī [Historia ya Bayhaqī], mh. ʿAlī-Akbar Fayyāż
   (Mashhad, 1350/1971), uk. 221.
2. Bayhaqī, Tārīkh, uk. 226.
3. Barthold, Turkistān-nāma [Kitabu cha Turkestan], tafs. Karīm Kishāvarz
   (Tehran, 1352/1973), juz. 1, uk. 610.
4. Taz. Ibn al-Athīr, al-Kāmil fī al-tārīkh [Kamili katika historia]
   (Beirut, bila mwaka), juz. 9, uk. 412.
```

Hatua ya 6: orodha ya mwisho na kompyuta

Orodha ya Kifarsi imepangwa kwa alifu-be yao, kwa hiyo ipange upya, ukipuuza al- na alama ya ayni: ʿAṭṭār anakaa kwenye A. Hiyo ayni tumia ʿ (U+02BF) na hamza ʾ (U+02BE), usitumie apostrofi ya kawaida, maana siku utakapotaka kuzibadilisha zote kwa mkupuo utabadilisha na ng'ombe na ng'ambo zako humohumo. Kurasa zenye kistari ziangalie kwa macho, ۲۲۱-۲۲۶ ukikopi kutoka PDF mara nyingi inatua 226-221 kwa sababu ya mwelekeo wa maandishi.

Halafu kuna faili zilizochapwa kwa kibodi ya Kiarabu, ي na ك badala ya ی na ک. Kwa jicho zinafanana zikiwa katikati ya neno, lakini ukitafuta kwenye faili au katalogi hupati kitu. Zisafishe kwanza, ila nakala ya majina ya Kiarabu iweke pembeni:

```
sed 's/ي/ی/g; s/ك/ک/g' marejeo.txt > marejeo-safi.txt
```

Hatua ya 7: jaribio

Chukua marejeo matano yenye majina magumu, mpe mwenzako anayejua Kifarsi ambaye hajaiona makala, umwambie ayarudishe kwenye herufi za Kifarsi na ayatafute katalogi ya Maktaba ya Taifa ya Iran. Akikwama angalia amekwama wapi: akiandika ز pale pa ض umesahau nukta, akileta kitabu kingine chenye jina linalofanana umeacha jina la mhariri au mwaka, na akisema hiki hakipo kabisa basi rudi kwenye skani ya asili usome upya herufi kwa herufi, inawezekana mwandishi mwenyewe ndo alikosea, na hapo unaacha rejeo lake lilivyo na unaweka sahihisho kwenye mabano ya mraba.