SOMO: Kupunguza maelezo marefu ya nyumba ya kupangisha, na kujua cha kubakiza

Habari zenu wapendwa. Wiki iliyopita mama mwenye nyumba alinitumia maelezo haya nimtafutie mpangaji. Nayaweka kama yalivyokuja, maana ndiyo tutakayoyafanyia kazi:

> NYUMBA NZURI SANA YA KISASA INAPANGISHWA ipo Kimara Baruti sehemu tulivu yenye majirani wastaarabu ni vyumba viwili kimoja masta kuna sebule kubwa jiko lenye makabati na choo cha wageni ipo ndani ya fensi wapangaji wawili tu kila mtu na luku yake maji ya bomba hutoka mara mbili kwa wiki kuna simtanki la lita 2,000 mnatumia pamoja hivyo hutapata shida ya maji gari inafika getini ila mvua kubwa ikinyesha gari ndogo zinapata shida kilimani kituo cha mwendokasi dakika 10 kwa miguu usikose nafasi hii adimu nyumba kama hizi hazikai kodi 350,000 kwa mwezi malipo miezi sita dalali mwezi mmoja kuona nyumba 10,000 karibuni wateja wote

Kila anachohitaji mpangaji kimo humu. Shida ni kwamba anayetafuta nyumba anapitia matangazo thelathini akiwa amesimama kwenye daladala, na hili atalipita kabla hajafika kwenye kodi.

Hatua ya 1: Kusanya maswali kabla ya kufuta chochote. Fungua meseji za wateja wa nyumba zako tatu za mwisho, uandike walichouliza. Kwangu yanajirudia saba: ipo wapi hasa, kodi na miezi mingapi, luku ya kujitegemea au ya kuchangia, maji, gari inafika, wapangaji wangapi, na ndani kuna nini. Hayo ndiyo rula yako. Ukianza kukata bila rula utakata kilichokuchosha wewe, na mara nyingi ndicho mteja alichokuwa anakitafuta.

Hatua ya 2: Kila jambo lipe mstari wake. Maelezo ya huyu mama yalinipa mistari 26. Usirekebishe lugha bado, tenganisha tu.

Hatua ya 3: Pima kila mstari. Jiulize: mtu akilijua hili, linaweza kumfanya aje kuiona nyumba, au aamue asije? Kama haliwezi, lifute. Kipimo kingine ninachokiamini sana ni kinyume chake. Hakuna atakayeandika "nyumba mbaya, majirani wakorofi", kwa hiyo "nzuri" na "wastaarabu" hayamwambii mtu kitu. Yakaondoka pamoja na "usikose", "hazikai", "hutapata shida" na "karibuni".

Lakini maneno mengine yameficha jambo la kweli, na hayo usiyafute, yachimbe. "Sebule kubwa" nilikwenda na tepu nikaipima: futi 13 kwa 15, seti ya makochi na meza ya chakula vinaenea. Kuhusu "tulivu" nilimuuliza mama anamaanisha nini, akasema mtaa wao hauna baa wala gereji. Sasa hilo mtu anaweza kulitumia kuamua.

Hatua ya 4: Mabaya yabaki. Hapa ndipo tunapobishana na wenye nyumba. Mama alitaka kilima kitoke. Nilimwomba kibaki, kwa sababu mwaka jana nilikiondoa kilima kama hicho kwenye nyumba nyingine. Mteja akaja mwezi wa nne na gari ndogo, ikateleza hadi kwenye mtaro, tukatumia saa mbili kuitoa. Nyumba hakuiangalia hata kidogo, na alikuwa na haki ya kukasirika. Mteja asiye na gari hakimsumbui kilima, na mwenye gari atakiona tu siku akija. Ukikifuta, unamhamishia hasara ya nauli na siku yake.

Ila ubaya uweke pale unapohusika. Kilima kimekaa kwenye mstari wa gari, si peke yake kama onyo.

Hatua ya 5: Panga. Tangazo likiwa refu, kwenye simu huonekana sehemu ya mwanzo tu, mengine mpaka mtu abonyeze "Soma zaidi". Kwa hiyo mstari wa kwanza ubebe aina ya nyumba, mahali, kodi na miezi. Unaofuata ubebe hesabu ambayo mteja angeipiga mwenyewe: miezi sita ni 2,100,000, ongeza 350,000 ya dalali, jumla 2,450,000. Mengine yape vichwa vifupi, kwa mpangilio wa maswali yanayoulizwa zaidi:

```
*Vyumba 2, Kimara Baruti: 350,000 kwa mwezi, miezi 6*
Kuingia: 2,450,000 (dalali ndani). Kuona nyumba: 10,000

*Umeme:* luku yako peke yako
*Maji:* bomba mara 2 kwa wiki; siku nyingine mnatumia simtanki la lita 2,000, wapangaji wawili
*Usafiri:* dakika 10 kwa miguu hadi mwendokasi
*Gari:* inafika getini; mvua kubwa ikinyesha gari ndogo inapata shida kilimani
*Ndani:* masta 1, chumba 1, sebule futi 13 x 15, jiko la makabati, choo cha wageni
*Mazingira:* fensi, wapangaji 2 tu, mtaa hauna baa wala gereji
```

Nyota hizo WhatsApp huzigeuza herufi nzito, ila zigandishe na neno bila nafasi. Angalieni pia mstari wa maji, sikuukatakata. Bomba, simtanki na idadi ya wapangaji vinategemeana. Ukivitenganisha mtu ataona "lita 2,000" akadhani zote ni zake.

Hatua ya 6: Jaribu kwa mtu. Mpe simu mtu asiyeijua nyumba, hesabu hadi kumi, ichukue. Muulize kodi, miezi na mahali. Nilimjaribu shemeji yangu na rasimu ya kwanza, akakosa miezi kwa sababu niliiweka chini. Nikaipandisha juu, sikuongeza neno.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Morogoro: Kaka, mwenye nyumba wangu anasema maelezo mafupi yanafanya nyumba ionekane haina kitu. Nimjibu nini?

Jibu: Usibishane naye, dada. Mpe simu yenye maelezo yake ya zamani, mwambie atafute habari za luku. Kisha mpe mapya atafute hilohilo. Wangu alicheka, akakubali.

Kutoka Tabata: Vipi vile vipicha vya nyumba, bomba na gari mbele ya kila mstari?

Jibu: Mimi siviweki. Kichwa chenye herufi nzito kinatosha kuongoza jicho, na vipicha vikiwa kumi vyote vinapiga kelele sawasawa. Ukipenda sana, kimoja mstari wa juu.

Kutoka Dodoma: Shikamoo mwalimu. Napangisha vyumba vya mmojammoja kwa wanafunzi karibu na chuo. Nami nibakize haya haya?

Jibu: Marahaba. Hapana, rula yako ni nyingine. Mstari wa gari uondoe kabisa. Weka choo na bafu ni vya watu wangapi, bili ya umeme mnagawanaje kama mita ni moja, dakika ngapi kwa miguu hadi geti la chuo, geti lako linafungwa saa ngapi, na kama mgeni anaruhusiwa kulala. Hilo la mgeni wengi hulificha, halafu linaleta ugomvi mwezi wa kwanza. Liandike wazi kama sheria yako ilivyo. Na kama unapokea kodi kwa muhula, iandike hivyo mstari wa kwanza, usiwaachie wagawanye kwa mwezi.