ChIP-seq ya GATA1 kwenye seli za K562: kutoka inputi hadi motifu

Kwa ChIP-seq, yaani kunasa protini kwa kingamwili kisha kusoma DNA iliyoshikana nayo, tunatafuta mahali ambapo protini GATA1 inashika DNA katika K562, seli za saratani ya damu zinazokuzwa maabara.

Hatua ya 1: tenga inputi mapema

Gandisha protini na DNA kwa fomaldehaidi ya asilimia 1 kwa dakika 10, izime kwa glaisini, kisha katakata kromatini kwa mawimbi ya sauti hadi vipande vya besi 200 hadi 500. Kabla hujatia kingamwili, chota kama asilimia 5 uweke kando. Hiyo ndiyo inputi. Itapita hatua zote zilizobaki isipokuwa kunaswa kwa kingamwili, na isomwe kwa kina kisichopungua cha sampuli yenyewe.

Wapo wanaoiruka ili kubana matumizi. Shida ni kwamba kromatini iliyo wazi hukatika kirahisi, kwa hiyo promota, sehemu za DNA ambako usomaji wa jeni huanzia, hurundika vipande hata pasipo GATA1. Tena K562 ina nakala nyingi mno za eneo la BCR-ABL1, jeni la muungano linalogusa kromosomu 22. Mimi niliwahi kuazima inputi ya seli za aina nyingine. Vilele, yaani mahali vipande vilivyosomwa vinaporundikana, vikajazana kromosomu 22, nikafurahi siku nzima kabla ya kung'amua kuwa nilikuwa nahesabu nakala tu.

Hatua ya 2: tafuta vilele

```
macs3 callpeak -t gata1.bam -c input.bam -f BAM -g hs -n gata1 -q 0.01
```

Usiishie kwenye idadi. Fungua IGV, programu ya kutazama jenomu, weka sampuli na inputi kwenye mizani moja, upitie vilele kama 20. Mwinuko ukionekana pia kwenye inputi, utilie shaka. Usipojitokeza katika rudio la pili la seli zilizokuzwa kivyake, usiujengee hoja.

Hatua ya 3: motifu

```
findMotifsGenome.pl gata1_summits.bed hg38 motifu/ -size 200
```

Motifu ni mfuatano mfupi wa herufi za DNA ambao protini huupendelea. GATA1 hupenda WGATAR, yaani A au T, kisha GATA, kisha A au G. Hapa wengi huteleza. Herufi hizo ni chache: kwa bahati tu, tukihesabu nyuzi zote mbili, hutokea takriban mara moja kila besi 512. Kwa hiyo dirisha la besi 200 lina nafasi kama moja kati ya tatu ya kuwa nayo bila sababu yoyote. Ukiambiwa asilimia 35 ya vilele vina motifu, hujaambiwa kitu. Tazama asilimia ya usuli, yaani ya vipande vya kulinganishia visivyo vilele, iliyo pembeni yake, kisha uangalie kama motifu inakusanyika katikati ya kilele au imetapakaa.

Kilele kisicho na GATA si lazima kiwe cha uongo. Huenda GATA1 imefikishwa pale na mwenzake kama TAL1. Lakini orodha nzima ikiongozwa na motifu za promota zenye G na C tele, huku GATA haionekani, rudi ukakague kingamwili.