Mteja kakata kodi ya zuio, hajaipeleka TRA: kudai kodi yako bila cheti

Viwanda vya samaki hapa Mwanza hutegemea sana mafundi wa nje. Kampuni moja ya mafundi majokofu, yenye ofisi Igogo, ilihudumia kiwanda kimoja mwaka mzima kwa invoisi 4, kila moja shilingi 8,000,000 za ufundi mtupu, bila vipuri. Kiwanda kilikata 5% kila mara, yaani 400,000. Ritani ya mwaka ilipokaribia, kampuni ilikuwa imekatwa 1,600,000 na haina cheti hata kimoja. Nitapita na kesi hiyo hiyo.

Msingi wa dai uko kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332. Kodi ikishazuiwa kwenye malipo yako, unahesabiwa umeilipa. Kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha ni wajibu wa aliyekata, na kukupa cheti ni wajibu wake vilevile. Kwa hiyo cheti ni ushahidi tu. Shida ni kwamba ndio ushahidi ambao afisa amezoea kuuona, na ukikosekana itabidi umjengee mwingine.

Hatua ya 1: hakikisha kweli haijalipwa. Nenda kwa afisa anayeshika faili lako, mwombe aangalie malipo ya zuio yaliyoingia kwa TIN yako. Pengine mteja alilipa ila akakosea TIN. Hapo kinachohitajika ni mteja aombe marekebisho, na safari yako inaishia hapo.

Hatua ya 2: thibitisha kwamba ulikatwa kodi, si kwamba ulipunjwa. Hapa ndipo madai mengi hufia. Stetimenti ya benki ikionyesha 7,600,000 imeingia, haisemi zile 400,000 zilienda wapi. Tafuta hati ya malipo ya mteja, ile karatasi au barua pepe inayoandika jumla, makato na kilicholipwa. Iweke pamoja na mkataba, invoisi, risiti ya EFD ya 8,000,000 kamili na ukurasa wa stetimenti.

Kwa mafundi wetu, invoisi 3 za kwanza zilikaa sawa. Ya nne iliingia 7,500,000. Bila hati ya malipo, mtu angedhani kodi ilikuwa 500,000. Hati ilionyesha 400,000 ni kodi na 100,000 ni faini ya kuchelewa kazi. Hiyo 100,000 ni ugomvi wa mkataba kati yao na kiwanda, TRA haihusiki. Ukiichanganya kwenye dai, afisa atatilia shaka hata zile halali.

Hatua ya 3: mwandikie mteja. Taja kila invoisi, tarehe ya malipo na kiasi kilichokatwa, kisha uombe vyeti au namba ya malipo aliyotumia kulipia. Mpe siku 14, nakala ipeleke TRA. Barua ipite kwenye dispachi na isainiwe. Wahasibu wengi wa viwanda hulipa wakiona neno "nakala", maana kodi isiyopelekwa inadaiwa kwao pamoja na riba. Wakikujibu kwa maandishi "tulikata, tutapeleka", shika karatasi hiyo vizuri. Ni kukiri.

Hatua ya 4: jaza ritani kwa kiasi kamili. Mapato ni 32,000,000, si kilichoingia benki. Wapo wanaoandika kilichoingia wakidhani wamemaliza kesi. Hao wamepunguza mapato yao na papo hapo wameitupa kodi yao. Mafundi walikuwa na faida ya 9,000,000, kodi 30% ni 2,700,000. Toa 900,000 walizolipa kwa awamu, toa 1,600,000 za zuio, inabaki 200,000. Ambatanisha jedwali la invoisi zote 4 na vielelezo vyake, pamoja na barua ya kueleza kwa nini vyeti havipo. Usichelewe ukisubiri mteja: mwaka unaoishia 31 Desemba, ritani yake mwisho ni 30 Juni.

Hatua ya 5: ukikataliwa, weka pingamizi. Mara nyingi mkaguzi hufuta zile 1,600,000 na kuleta makadirio mapya. Una siku 30 tangu uyapokee. Ili pingamizi lipokelewe unalipa kiasi usichobishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kilicho kikubwa. Kwa 1,600,000 theluthi ni kama 533,000. Unaweza kumwomba Kamishna aipunguze au aiondoe, ila iombe mapema na utoe sababu. Hoja iwe moja: kodi ilizuiwa, ushahidi huu hapa, aliyeishika ni huyu. Likikataliwa, kuna Bodi ya Rufani za Kodi.

Katikati ya yote haya kiwanda kinaweza kukuita kikurudishie zile 1,600,000 mkononi, yaishe. Ukizipokea, hukukatwa tena. Dai lako TRA limekufa, na ritani lazima uirekebishe ulipe kodi yote mwenyewe.