Tshanda au Chanda? Kufuata jina la babu hadi lilikotoka

Hapa Katuba, Lubumbashi, tumekua tukiambiwa kwamba asili yetu ni Kasai, eti kwa sababu jina letu linaanza na Tsh. Karatasi za babu zinasema vingine.

Kwanza, nakili jina kama lilivyo kwenye kila karatasi, na mwaka wake, bila kulisahihisha. Mimi nilipata Tchanda kwenye kitabu cha kazi cha kampuni ya migodi ya Yunioni Minyeri cha 1929, Chanda kwenye barua ya dada yake ya 1951, na Tshanda kwenye kitambulisho cha 1974. Yatamke kwa sauti: ni jina moja. Karani aliyesomea Kifaransa huandika Tsh au Tch, wakati Rodezia ya Kaskazini, Zambia ya leo, waliandika Ch. Kwa hiyo Tsh inakuonyesha shule ya karani tu. Chanda ni jina la kawaida sana kwa Wabemba na majirani zao, wanaume kwa wanawake.

Pili, tumia kazi kutenganisha watu. Kambini walikuwapo akina Tchanda wawili, mmoja mwashi, mwingine mtoboa miamba. Babu alikuwa mwashi. Ukuta aliojenga bado umesimama kwenye lupangu letu. Bila hilo ningemchukua babu wa wengine. Linganisha pia namba ya mfanyakazi na jina la mke.

Tatu, soma sehemu ya asili. Kwenye kitabu chake imeandikwa "Fort Rosbery", na kwa muda mrefu nilidhani ni jina la kambi. Ni Fort Rosebery, mji unaoitwa Mansa leo, jimbo la Luapula. Reli ya kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 ikipitia Sakania mpakani, na mhuri wa Sakania uko ukurasa wa pili. Herufi, kazi na njia zikikubaliana, hapo ndipo naandika "Mansa" kwenye mti wa ukoo. Jina peke yake nisingeliamini.

Maswali ya wanachama

*Mama Kapinga: Papa, kitabu cha kazi cha mzee wetu kilipotea. Nianzie wapi?*
Anzia parokia alikofunga ndoa, mama. Daftari la ndoa hutaja mahali alikobatizwa. Ukifika huko, tazama pembeni mwa mstari wa ubatizo wake: ndoa nayo huandikwa pale, na hivyo unahakikisha ni yeye.

*Ndugu Ilunga: Kwa nini baba na baba mkubwa wana majina tofauti kabisa?*
Kwetu kila mtoto hupewa jina lake; halirithiwi lazima. Tena mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo, na wengi wakaongeza la babu au la mjomba. Kwa hiyo karatasi za kabla na za baada ya mwaka huo ziweke mafungu mawili.

*Dada Ngoie: Sasa mmejua na ukoo wenu?*
Bado, dada. Kwa Wabemba na Waaushi ukoo hufuata mama, na jina la babu haliutaji. Sasa natafuta jina la mama yake; barua ya yule dada inamtaja mara moja tu, na wino umefifia.