Kabla ya pilau ya kipaimara: panga saa za chakula

Desemba huko Moshi, watu wakishapanda nyumbani, pilau ya sherehe hupikwa usiku. Tuseme mpishi ameepua sufuria kubwa saa kumi na moja alfajiri, akafunika, akaacha pembeni ya jiko. Wageni wanakula saa nane mchana, baada ya ibada na hotuba (ambazo hazijawahi kuisha kwa wakati). Kabla ya kupakua, pilau inapashwa mpaka inafuka moshi. Ikifika saa kumi na moja jioni, watu kadhaa wanatapika, homa hawana.

Hapo lawama huangukia nyama, au jirani mwenye kijicho. Mimi ningeanza na muda. Tangu kula hadi kutapika ni saa tatu. Vijidudu kama salmonela huhitaji muda wa kuzaliana tumboni, kwa kawaida saa sita au zaidi, mara nyingi hata siku nzima. Ugonjwa ukija upesi hivi, yaelekea sumu ilikuwa imeshatengenezwa ndani ya sufuria.

Kwenye wali mshukiwa wa kwanza ni Bacillus cereus, bakteria wa udongoni anayekuja na mchele wenyewe. Hujifungia ndani ya ganda gumu linalostahimili kuchemka. Wali ukibaki vuguvugu, huamka, huzaliana na kutoa sumu ya kutapisha. Kupasha chakula kunaua bakteria, lakini sumu hiyo haivunjwi na moto wa jikoni. Nyama iliyochambuliwa kwa mikono inaweza kuleta bakteria mwingine, Staphylococcus aureus, kutoka kwenye kidonda au puani. Sumu yake nayo haiogopi moto.

Kwa hiyo kabla ya sherehe, panga saa ya kuepua ikaribiane na saa ya kula. Kupika kwa awamu mbili kunachosha, ila ndiyo njia ninayoiamini. Pilau inayosubiri ikae juu ya nyuzi 60, kwenye makaa au hotipoti iliyojazwa ingali moto. Kinachobaki kitandazwe haraka kwenye masinia, kina kisizidi vidole vitatu, kisha kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Sufuria likifunikwa, katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi hata kama pembeni pamepoa. Usitegemee pua, kwani wali wenye sumu unaweza kunukia vizuri kabisa.

Weka ORS nyumbani mapema. Anayetapika anywe kidogo kidogo. Antibayotiki hazigusi sumu hii, na wengi hupona ndani ya siku moja. Mtoto mdogo asiyeshika maji, mtu anayetapika damu au asiyekojoa apelekwe hospitali. Muda peke yake pia hautoshi kuthibitisha: mgonjwa akitoka mate na jasho jingi huku mboni zikiwa ndogo kama tundu la sindano, shuku dawa ya kuulia wadudu, na mkimbize hospitali.