Namna ya kumwambia mteja kwamba anaongea na mashine (nilichojifunza baada ya Neema kuniponza)

Mashine ya kujibu meseji za WhatsApp niliyolitengenezea duka moja la pampu na matangi hapa Morogoro ilikuwa na jina, picha na tabia zake. Iliitwa Neema. Mwenye duka aliipenda, na mimi nilijiona fundi. Kisha siku moja mzee mmoja akaingia dukani na pampu kwenye kiroba, akaiweka juu ya kaunta taratibu, akasema, "Niitieni Neema."

Binti wa kaunta akamjibu, "Hatuna Neema hapa, shikamoo mzee."

Mzee alikuwa amechati na Neema siku tatu. Aliuliza kama pampu ya nusu HP ya kukaa juu ingefaa kisima chake, ambacho maji yako mita 14 chini. Neema akamwambia inafaa, wateja wengi wanaichukua, na hata nyumbani kwao wanatumia hiyohiyo. Pampu ya kukaa juu haiwezi kufanya kazi hiyo. Yenyewe huondoa hewa tu kwenye bomba, na kinachosukuma maji yapande ni uzito wa hewa ya nje, ambao hauyafikishi zaidi ya mita 10 hivi hata ukifunga mota kubwa namna gani. Mafundi wanahesabu 7 au 8. Mzee alitakiwa kupewa pampu ya kuzamisha.

Kosa la pampu lilirekebishwa siku ileile, akabadilishiwa. Alichoondoka nacho moyoni ni kingine: "Kama ningejua ni kompyuta ningemuuliza fundi. Mimi nilidhani binti ameziona kwa macho." Jibu lenyewe lingeweza kukosewa hata na mtu. Ila kwa kudhani ni mtu, mzee aliliamini kwa kiasi ambacho asingeiamini mashine, na aliyemfanya adhani hivyo ni mimi. Nilichofanya baada ya hapo ndicho hiki. Nachukulia mashine yako tayari inajibu. Kuunganisha namba na seva sielezi.

Hatua ya 1: Futa jina la mtu na picha ya mtu

Weka nembo ya duka, na jina liwe "Mashine ya Duka" au kitu cha namna hiyo. Dakika tano. Kama umeweka ucheleweshaji wa makusudi ili mteja aone "anaandika..." sekunde nane ndipo jibu litoke, uondoe pia. Mimi nilikuwa nao.

Hatua ya 2: Sentensi ya kwanza

Hapa ninachagua sana maneno. Usiandike "msaidizi wa kidijitali" wala "msaidizi pepe." Mteja akisoma "msaidizi" anamwona kijana wa dukani, lile neno la pili linampita. "Akili mnemba" ni Kiswahili safi na kwenye makala nalitumia, lakini jaribu kulitamka kwenye stendi ya Msamvu uone wangapi watageuka. Maneno yanayofanya kazi ni mawili: "mashine" na "si mtu." Yaweke yote mawili, kwa sababu kuna wanaodhani mashine ni simu tu iliyoko kwa mtu.

Yetu sasa inasomeka hivi: "Karibu. Hii ni mashine inayojibu yenyewe, si mtu. Inajua bei na vilivyopo stoo kwa orodha ya leo asubuhi. Haijui kisima chako wala nyumba yako. Ukitaka mtu, andika MTU."

Sentensi ya tatu na ya nne usizikate ukitafuta ufupi. Ukimwambia mteja ni mashine ukaishia hapo, umemtia shaka bila kumwambia aitie shaka wapi. Bei aiamini, maana imetoka kwenye orodha. Ushauri wa kisima aupeleke kwa fundi. Hilo ndilo mzee wetu alikosa.

Mwenye duka alipinga. Alisema watu watakimbia, na hoja yake si ya kijinga. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa kwa wateja zaidi ya 6,200 waliopigiwa simu za mauzo: mashine ilipojitambulisha kabla ya mazungumzo, manunuzi yalishuka kwa zaidi ya asilimia 79. Nilimweleza bila kumficha. Lakini wale walipigiwa simu bila kuomba, na mtu anayesumbuliwa hutafuta sababu ya kukata. Wa kwetu wanaandika wenyewe, wanataka bei ya tangi la lita 1,000. Hao hawakimbii. Walichobadilisha ni namna ya kuandika: salamu ndefu zikapungua, maswali yakawa mafupi, na anayetaka kukopeshwa au kupunguziwa akawa anaandika MTU mapema badala ya kuibembeleza mashine ambayo haina mamlaka ya kupunguza shilingi.

Jambo moja dogo: sentensi hii isitoke mara moja tu tangu namba ianze kuchati. Simu moja nyumbani hushikwa na watu watatu, na leo anayeandika huenda ni mke wa yule wa jana. WhatsApp ya biashara inakuruhusu kujibu kwa uhuru ndani ya saa 24 tangu meseji ya mwisho ya mteja. Nimetumia kipimo hichohicho: zikipita saa 24 kimya, mashine inajitambulisha upya kwa mstari mmoja.

Hatua ya 3: Akiuliza, na asipouliza

Hapa ndipo nilipoteza wikiendi nzima, kwa hiyo tulia.

Nilidhani hatua ya 2 imemaliza. Nikafungua kumbukumbu za mazungumzo, nikakuta mteja kaandika "ww ni mtu kweli?" na mashine imejibu, "Ndiyo, nipo hapa kukuhudumia!" Sababu ilikuwa maelekezo yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeiandikia modeli, yaani ile programu inayotunga majibu, kwamba ni mhudumu mchangamfu "na isitoke kwenye uhusika." Ilitii. Kagua maelekezo yako leo, utafute mstari wa namna hiyo, na ufute.

Kufuta hakutoshi. Mazungumzo yakiwa marefu modeli hurudia sauti ya mtu, kwa sababu maandishi iliyofundishwa nayo yaliandikwa na watu. Swali hili usiliachie modeli. Likamate wewe, na jibu lake uliweke mbele ya jibu la modeli. Hapa uliza_modeli ni ile sehemu ya programu yako inayopeleka ujumbe kwa modeli:

```python
import re

SWALI = re.compile(
    r"\bni\s+(mtu|bot|robot|roboti|mashine|kompyuta)\b"
    r"|na(ongea|zungumza|chat)\s+na\s+(nani|mtu)"
    r"|kuna\s+mtu|mtu\s+(kweli|halisi)", re.I)

def jibu(ujumbe):
    la_modeli = uliza_modeli(ujumbe)
    if SWALI.search(ujumbe):
        return "Hii ni mashine, si mtu.\n" + la_modeli
    return la_modeli
```

Itakamata na visivyohusika. "Ni mtu gani analeta mzigo?" itapata "Hii ni mashine, si mtu" mbele yake, na mteja atashangaa kidogo. Ndiyo maana jibu la modeli linafuata chini yake badala ya kufutwa. Kati ya kujitambulisha bila kuulizwa na kukana unapoulizwa, mimi nachagua la kwanza. Wa Kenya waongeze maneno ya kwao. Hiyo orodha ni ya meseji nilizoziona Morogoro.

Sasa lile gumu zaidi: uongo ambao haukuulizwa. Ukisoma meseji zetu utaona kwamba Kiswahili hakimruhusu mtu kuanza na bei. Anaanza na salamu, na kila salamu yetu inadai uwe nani. Mzee aliandika "Hujambo mwanangu," mashine ikajibu "Sijambo baba, shikamoo," yaani ikajifanya mtoto wake. Binti wa miaka ishirini aliandika "Shikamoo," ikaitikia "Marahaba," ikawa mkubwa wake. Mwingine kauliza "Watoto hawajambo?" ikamwambia hawajambo wote, na mdogo anaanza shule. Hakuna aliyekuwa amelala akiota kudanganya. Modeli ilifuata adabu tu. Lakini kufika meseji ya kumi mteja ana picha ya mtu mwenye umri, wazazi na watoto, na ile sentensi ya mwanzo imeshasahaulika.

Nimejaribu kuizuia isijibu salamu kabisa. Watu walikasirika, na wana haki. Kilichokubalika ni kuipokea salamu bila kujipa nafasi kwenye ukoo. Maelekezo yangu ya sasa kwa modeli ni haya, yanakili kama yalivyo:

```
Wewe ni mashine ya duka. Usiseme shikamoo wala marahaba.
Ukisalimiwa, jibu: "Asante kwa salamu, karibu."
Huna umri, familia, nyumba wala uzoefu wa kazi.
Usiseme umeona, umetumia, umeuza au unakwenda stoo kuangalia.
Sema: "orodha inaonyesha..."
```

Mistari miwili ya mwisho ndiyo iliyoondoa "hata nyumbani tunatumia hiyohiyo." "Ngoja nikuangalizie stoo" nayo ni uongo, hakuna anayekwenda popote. Mei 2018 Google walionyesha jukwaani mashine inayopiga simu saluni kuweka miadi, ikiguna "mm-hmm" kama mtu. Waliokuwepo walishangilia, nje wakalaumiwa, na kampuni ikasema mashine hiyo itajitambulisha. Miguno midogo ndiyo iliyowaudhi watu. Itafute kwenye majibu yako.

Hatua ya 4: Mtu akipokea, aseme

Mteja akiandika MTU, mashine inyamaze na anayepokea aanze kwa jina: "Hapa ni Juma wa stoo. Sasa unaongea na mtu." Akimaliza aandike, "Natoka, ukiandika tena itajibu mashine." Vijana huisahau hiyo ya pili, na mteja akirudi jioni anadhani bado ni Juma. Mimi nimeiweka ijitume yenyewe Juma anapofunga mazungumzo.

Kuna wasioamini hata hapo. Mmoja alimwambia Juma, "Na wewe ni mashine tu." Usibishane kwa maandishi. Tuma noti ya sauti ukimtaja na swali lake. Kwa sababu hiyo sijairuhusu mashine kutuma sauti kabisa, ingawa inawezekana. Nikiiruhusu, Juma hatakuwa na njia ya kuthibitisha.

Hatua ya 5: Jaribu

Mpe simu mtu mzima asiyejua ulichotengeneza, mwambie aulizie bidhaa, usimweleze kitu. Baada ya dakika kumi muulize alikuwa anaongea na nani. Nilimpa shangazi yangu. Mara ya kwanza alisema, "Na kijana mmoja hivi, ana haraka." Nikarudi hatua ya 3.