Mtoto amekua, au tumebadilisha mpimaji? Kukokotoa kosa la upimaji wa urefu, hatua kwa hatua

Mwezi Februari tulipima watoto 40 wa darasa la pili na la tatu katika shule moja ya msingi upande wa Kibosho, juu kidogo ya mji wa Moshi. Mei tukarudi. Mpimaji wetu wa Februari hakuwepo, akapima mwenzake. Tulipofungua daftari jioni, mtoto mmoja wa miaka 8 alikuwa ametoka sentimita 121.4 hadi 122.1. Milimita 7 kwa miezi mitatu. Mtoto wa umri huo kwa kawaida huongezeka sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, kwa hiyo tulitegemea kama milimita 14. Jina lake likaandikwa kwenye orodha ya rufaa, pamoja na mengine mengi. Wingi ule ndio ulionishtua: haiwezekani nusu ya darasa iache kukua kwa pamoja.

Kabla ya kumpeleka mtoto kituo cha afya, inabidi ujipime wewe kwanza. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Hatua ya 1: Kagua ubao

Chukua bomba la plastiki la mita moja, likate sawasawa, lisimamishe kwenye ubao wa kupimia urefu na ushushe kibao cha kichwani. Usomaji wa Februari na wa Mei lazima ulingane kwa bomba lilelile. Weka pima maji sakafuni na kwenye nguzo ya ubao. Sakafu za madarasa yetu mengi zimebonyea, na ubao ulioegemea ukuta wenye mteremko hukupa namba nzuri zisizo za kweli. Ubao wetu ulikuwa mzima, kwa hiyo tukageukia watu.

Hatua ya 2: Pimeni watoto walewale, siku ileile, bila kuoneana daftari

Watoto 10 ndio wachache kabisa ambao ningewakubali, na 20 ni bora. Mpimaji wa kwanza, kwetu yule wa Februari, anapima, mtoto anashuka kabisa kwenye ubao, anatembea hatua chache, kisha anapimwa na mpimaji wa pili. Akibaki amesimama palepale, wa pili atakuwa anarudia mkao uleule badala ya kuupanga upya, na kosa litaonekana dogo kuliko lilivyo. Kila mmoja anaandika kwenye karatasi yake, hadi milimita. Nimeona wapimaji wazuri wakivutwa na namba ya mwenzao bila kujua, kwa hiyo karatasi ya kwanza huwa naikunja na kuiweka mfukoni.

Malizeni ndani ya saa moja. Urefu wa mtu hupungua kuanzia anapoamka, kwa sababu diski za uti wa mgongo hubanwa na uzito wa mwili, na mpaka jioni upungufu unaweza kukaribia sentimita moja. Sehemu kubwa hutokea saa za kwanza baada ya kuamka. Ukimpima mtoto mmoja saa mbili asubuhi na kumrudia baada ya chakula cha mchana, utakuwa umepima siku, si wapimaji.

Hatua ya 3: Andika tofauti pamoja na alama zake

Toa usomaji wa mpimaji wa pili kutoka ule wa kwanza. Za kwetu, kwa milimita, zilikuwa hizi:

+3, +6, +2, +7, +4, −1, +5, +8, +3, +3

Usizifute alama za kujumlisha na kutoa. Watu huharakia kwenye kanuni na kupoteza habari kubwa iliyomo humu, nayo tutairudia hatua ya 5.

Hatua ya 4: Kokotoa kosa la kiufundi la upimaji

Kanuni ni fupi. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha, gawanya kwa mara mbili ya idadi ya watoto, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwetu jumla ya vipeo ni 222. Gawanya kwa 20, unapata 11.1, na kipeuo chake cha pili ni milimita 3.3. Tunagawanya kwa mbili kwa sababu kila tofauti imebeba makosa ya vipimo viwili, nasi tunataka la kipimo kimoja.

Kwenye Excel, ukiwa na mpimaji wa kwanza safu ya B na wa pili safu ya C:

```
=SQRT(SUMXMY2(B2:B11,C2:C11)/(2*COUNT(B2:B11)))
```

Milimita 3.3 zinasikika ndogo. Lakini ili useme mtoto amebadilika, unalinganisha vipimo viwili, na kila kimoja kina kosa lake. Ndiyo maana kizingiti hupatikana kwa kuzidisha kosa hilo kwa 2.77, yaani 1.96 mara kipeuo cha pili cha 2. Tofauti iliyo chini ya hapo inaweza kutokea hata kama mtoto hakuongezeka hata nywele. Kwetu ni 2.77 × 3.3, takribani milimita 9. Mtoto wetu aliongezeka 7. Kwa ushahidi huo peke yake hatukuwa na haki hata ya kusema amekua, sembuse kusema amekua polepole.

Hapa kuna mtego wa ripoti. Wengi huandika kigezo cha uaminifu wa vipimo, yaani 1 kutoa kipeo cha pili cha kosa kilichogawanywa kwa kipeo cha pili cha mtawanyiko wa urefu wa watoto. Tuseme mtawanyiko ni sentimita 8, kwa kuwa umechanganya madarasa kadhaa. Kosa la sentimita 0.33 litakupa 0.998. Mfadhili ataridhika, na kumbe wapimaji haohao hawawezi kuona vizuri ukuaji wa miezi mitatu. Kigezo hicho kinaeleza kama unaweza kutofautisha mtoto mrefu na mfupi. Kuhusu mtoto yuleyule Februari na Mei hakikuelezi kitu. Mimi ripoti zangu naanza na milimita.

Hatua ya 5: Tenganisha upendeleo na bahati nasibu

Rudi kwenye zile alama. Tisa kati ya kumi ni za kujumlisha. Wastani wake ni +4: mpimaji wa pili anasoma milimita 4 chini ya wa kwanza. Makosa ya bahati nasibu yangezunguka sifuri, mara huku mara kule. Haya yameegemea upande mmoja.

Sasa toa 4 kwenye kila tofauti: −1, +2, −2, +3, 0, −5, +1, +4, −1, −1. Jumla ya vipeo vyake ni 62. Safari hii gawanya kwa mara mbili ya 9 badala ya 10, kwa kuwa wastani tumeshautumia. Kipeuo cha pili kinakuwa milimita 1.9, na kizingiti kinashuka kutoka 9 hadi kama 5. Yaani kilichotuharibia kazi zaidi ni tabia moja ya kudumu kati ya watu wawili, kuliko mikono kutetemeka.

Usidhani wingi wa watoto utakuokoa. Kwa watoto 40, makosa ya bahati nasibu kwenye wastani wa darasa hupungua hadi chini ya milimita moja. Zile milimita 4 hubaki vilevile, hata ukipima wilaya nzima. Wastani wa darasa letu ulionyesha ongezeko la milimita 9, na ukirudisha 4 zilizopotea unapata 13, jambo la kawaida kabisa. Orodha ndefu ya rufaa ilikuwa imetengenezwa na mkono mmoja.

Hatua ya 6: Tafuta mkono unafanya nini

Hapa kompyuta inafungwa. Simama pembeni uwaangalie wote wawili wakimpima mtoto mmoja. Angalia visigino, magoti, halafu kichwa. Nywele hazikutusumbua kwa kuwa watoto walikuwa wamenyolewa. Kwenye shule ambako wasichana wanasuka, ulizia mapema.

Kwetu tatizo lilikuwa kichwa. Mpimaji wa kwanza alishika kidevu na kuhakikisha ukingo wa chini wa tundu la jicho na ukingo wa juu wa tundu la sikio viko kwenye mstari mmoja wa mlalo, kisha akamwambia mtoto avute pumzi na ajinyooshe. Mpimaji wa pili alimwambia tu, "Tazama mbele." Mtoto akimtazama mtu mzima usoni huinua kidevu, na utosi unarudi nyuma na kushuka. Tena huyo wa pili hakusubiri pumzi. Tulirekebisha hayo mawili, tukarudia zoezi kwa watoto wengine 10, na wastani wa tofauti ukawa chini ya milimita moja.

Kagua pia tarakimu za mwisho. Ukiona karatasi imejaa .0 na .5, mpimaji anakadiria badala ya kusoma, na hakuna kanuni itakayokurudishia alichokiacha.

Hatua ya 7: Rudi kwa mtoto

Ongezeko lake la milimita 7, baada ya kusahihisha upendeleo, ni 11. Ukiweka kizingiti cha 5 juu na chini, ukuaji wake wa kweli uko popote kati ya milimita 6 na 16. Hiyo 11 imevuka 5, basi amekua. Na ile 14 tuliyoitegemea imo ndani ya mipaka, basi hatuwezi kusema amechelewa. Mipaka yenyewe ni myembamba kuliko inavyostahili, kwa sababu mbili. Ile 4 yenyewe imetoka kwa watoto 10 tu, na ingeweza kuwa 2 au 6. Halafu zoezi letu lilichukua saa moja, halikubeba tofauti za siku na siku au za saa ya kupimia.

Masahihisho haya yaandike kwenye safu ya pembeni. Usomaji wa asili usiguswe, maana ukigundua kesho kwamba upendeleo ulikuwa 3, utahitaji pa kuanzia.

Kwa mtoto anayekutia shaka, njia fupi ni kumrudisha mpimaji wa mwanzo, saa ileile. Mpimaji huyo alikuwa ameshawapima watoto 10 mara mbili kila mmoja, na kosa lake dhidi ya nafsi yake lilikuwa milimita 0.9, sawa na kizingiti cha kama 2.5. Wiki mbili baadaye alimpima yule mtoto saa tatu asubuhi, kama Februari, akapata sentimita 122.8. Milimita 14 kwa miezi mitatu na nusu, kati ya 11 na 17. Tukalitoa jina lake kwenye orodha. Walibaki wawili tu ambao hata kwa mkono huo walikuwa chini ya milimita 5, na hao ndio walioandikiwa rufaa.